Neno la Nane

Profesa Ciobotaru hakuwa mtu wa makelele, na kalamu yake nyekundu vilevile. Iliandika kwa herufi ndogo nadhifu, pembeni mwa ukurasa wa sita wa ripoti: "Hii si sehemu ya mjadala. Hii ni hadithi." Chini yake kulikuwa na maneno mengine: "Irudiwe. Mwisho Ijumaa, tarehe ishirini na moja."

Otilia Brândușan aliyasoma mara tatu jikoni kwake pale Lupșoara, amesimama, koti bado mwilini na mkoba begani. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili aliona haya. Mara ya tatu alivuta kiti, akaketi, akasema kwa sauti ingawa nyumbani hamkuwa na mtu, "Hadithi ya bibi yako."

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili. Miaka kumi na saba alifanya kazi katika chumba cha taa cha mgodi wa makaa. Mchimbaji akija zamu alimkabidhi Otilia kibati chenye namba yake, Otilia akakitundika kwenye msumari na kumpa taa ya namba hiyohiyo. Akipanda juu jioni, taa ilirudi mahali pake ikachajiwa, kibati kikarudi mfukoni kwa mwenyewe. Ndiyo kazi yote. Watu waliicheka, wakiita kazi ya kutundika na kutungua. Waliacha kuicheka Novemba moja, miaka kumi na miwili iliyopita, gesi ilipolipuka kule chini na zamu ikaisha huku vibati kumi na moja vikibaki kwenye misumari. Mwanamke wa taa haruhusiwi kuondoka kibati kikiwa bado ukutani. Otilia alikaa pale siku mbili.

Kisha mgodi ukafungwa. Wakubwa wakaja na kamera, wakawapa wanawake wa mgodini semina ya wiki mbili ya ususi, kana kwamba Lupșoara ilikuwa imebaki na vichwa vya kusuka. Nusu ya mji ilikwenda Uhispania kuchuma stroberi. Otilia akapata kazi jikoni kwenye shule ya msingi, akigawa supu ya maharage kwa watoto wanaolelewa na bibi zao, na baadhi yao walikuwa wakija dirishani supu ikiwa imekwisha, wanasimama tu. Alizungumza nao. Mwalimu mkuu alimwona, akamwambia chumba cha mshauri wa wanafunzi kilikuwa kimefungwa miaka sita kwa kukosa mtu, na kwamba akileta shahada ya saikolojia ufunguo ni wake. Basi Otilia, akiwa na miaka arobaini na miwili, akajiandikisha masomo ya masafa, kila Jumamosi ya pili anapanda basi kwenda mjini.

Alifaulu kila kitu. Kilichobaki kumvusha mwaka wa pili ni ripoti moja fupi ya jaribio la kumbukumbu, na katika ripoti hiyo sehemu moja tu, mjadala. Akishindwa, kurudia mwaka hakupo: kozi ya masafa ilikuwa inafungwa kwa wapya, na wanaorudia huhesabiwa wapya. Chumba kile shuleni kingeendelea kufungwa, na yeye angeendelea na supu.

Jaribio lenyewe halina ajabu. Kila mwanafunzi wa saikolojia duniani huenda amelifanya. Unawasomea watu maneno kumi na tano, moja kila sekunde mbili, halafu wanaandika wanayoyakumbuka kwa mpangilio wowote. Nadharia inasema kumbukumbu ina ghala mbili. Maneno ya mwanzo mtu hupata nafasi ya kuyarudiarudia kimoyomoyo, yakaingia ghala ya muda mrefu. Ya mwisho bado yamo kwenye ghala ya muda mfupi, anayaokota kabla hayajapotea. Ya katikati hukosa huku na kule, ndiyo yanayosahaulika. Ili kuhakikisha, nusu ya washiriki unawazuia wasiandike papo hapo, unawaamuru wahesabu kwa kurudi nyuma, tatu tatu, kwa sekunde thelathini. Hao wanapoteza maneno ya mwisho, kwa sababu hesabu imeifagia ghala ndogo, lakini ya mwanzo wanabaki nayo.

Otilia alikusanya watu ishirini wa Lupșoara kwenye bwalo la shule, akawawekea sauti yake aliyoirekodi kwenye simu ili kila mtu asikie kitu kilekile kwa mwendo uleule, kumi wakaandika mara moja, kumi wakahesabu kwanza. Mzee Pamfil alihesabu kwa kurudi nyuma mpaka akaanza kumtukana waziri wa nishati. Matokeo yalikuwa safi kama kitabu kilivyotabiri. Maneno matatu ya kwanza, saba au wanane katika kila kumi waliyakumbuka. Matatu ya mwisho, wanane katika walioandika mara moja, watatu tu katika waliohesabu. Ya katikati, watatu katika kumi.

Isipokuwa neno la nane. Hilo waliliandika kumi na tisa kati ya ishirini.

Orodha aliitunga mwenyewe. Maelekezo yalitaka majina ya vitu vya kushikika, ya kawaida, yasiyohusiana, na hata moja lisichomoze kuliko mengine. Alikaa jikoni akaangaza macho, akaandika: kiti, mkate, dirisha, kamba, ndoo, viatu, sabuni, taa, asali, uzio, chumvi, kengele, sufuria, koti, ufunguo. Akasoma, akaona hakuna lililochomoza. Kosa hilo angeweza kulifanya yeye tu, au mmoja wa wale wanawake watano aliofanya nao kazi. Lupșoara kile cha darini huitwa balbu. Ukisema taa, mtu wa Lupșoara anajua taa moja tu.

Katika mjadala wake wa kwanza alikuwa ameyamwaga yote. Aliandika kwamba watu walikumbuka neno la nane kwa sababu ya ajali. Aliandika majina kumi na moja. Aliandika kwamba neno la tisa, asali, lilikumbukwa na mtu mmoja tu kwa sababu wengine wote walikuwa bado wamesimama kwenye taa. Pembeni ya sentensi hiyo kalamu nyekundu ilikuwa imeandika neno moja: "Ushahidi?"

Jumamosi iliyofuata alimwendea ofisini. Liviu Ciobotaru alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba, na tabia ya kuwavutia wageni kiti kabla hajavuta chake. Otilia alitaka sana kumchukia, ila kiti kile kilimzuia.

"Karibu, Mama Brândușan. Umekasirika."

"Sijakasirika, profesa. Nimeitwa mtunga hadithi tu."

"Hadithi yenyewe nzuri. Nimeisoma mara mbili. Lakini niambie, sehemu ya mjadala kazi yake nini?"

"Kueleza matokeo."

"Kueleza matokeo kwa nadharia. Ulitarajia nini, umepata nini, vinakubaliana wapi, vinagongana wapi. Kisha maelezo mengine yanayowezekana, kisha mapungufu yako. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye 'kwa sababu ya'. Nani kakwambia ni kwa sababu ya?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo mgodini. Kwenye vichwa vyao hukuwemo."

Otilia aliuvuta mkoba karibu. Akasema, "Ungekuwa unaishi kule usingeniuliza."

"Ningekuwa naishi kule ningekosea kama ulivyokosea," akasema profesa, bila ukali. "Tazama. Huenda neno fupi linakumbukwa vizuri zaidi. Huenda limekaa vizuri baada ya sabuni. Na hili usilichukulie vibaya, huenda ulilisoma kwa sauti nyingine. Umewahi kuisikiliza rekodi yako?"

Hakuwahi. Alitoa simu palepale, wakasikiliza wote wawili. Kiti. Mkate. Dirisha. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtangazaji wa stesheni ya treni. Sabuni. Taa. Asali. Otilia hakusikia tofauti, kisha alidhani ameisikia, kisha hakujua tena. Hilo lilimuuma kuliko wino mwekundu. Miaka yote aliamini kwamba jambo lile halina haja ya kuthibitishwa, na sasa hakuweza kuapa hata kwa koo lake mwenyewe.

"Basi nifanyeje? Nilifute neno la nane?"

"Ukilifuta nakupa sifuri," profesa akasema. "Kufuta ni uongo. Tafuta watu ambao hawajui habari za Lupșoara, wachezee rekodi hiyohiyo. Kama sababu ni sauti au urefu wa neno, na wao watalikumbuka. Kama si hivyo, litazama katikati na wenzake. Nitakupa wanafunzi wangu ishirini wa mwaka wa kwanza, Jumatano."

Alipofika mlangoni profesa alimwita. "Na yule mmoja, mama. Kumi na tisa waliandika, mmoja hakuandika. Umesema alisahau. Umejuaje?"

Yule mmoja aliitwa Zamfira, na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Otilia. Mumewe, Silvestru, alikuwa kibati namba mia mbili na kumi na mbili, kimoja cha vile kumi na moja.

Otilia alimkuta uani akichoma pilipili hoho na biringanya juu ya bati kwa ajili ya zakuska, rojo ya mboga inayowekwa akiba kwa msimu wa baridi. Moshi ulikuwa umetanda hadi kwa jirani. Zamfira alikuwa amekaribia miaka sitini, mkubwa wa umbo, na ulimi ambao padri mwenyewe aliukwepa.

"Kaa huku, moshi usikuingie," akasema. "Au ingia nao, umezoea makaa. Umefuata nini, we mwanamke? Sina mayai leo."

"Sikufuata mayai, dada Zamfira. Ni lile jaribio."

"Lile la kuhesabu kinyumenyume? Nilipata ngapi?"

"Tisa. Umewashinda wengi."

"Bado nina akili, basi. Mwambie Pamfil."

Otilia alichukua koleo, akageuza pilipili iliyokuwa inaungua upande mmoja. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na maandalizi yote yakamtoka.

"Neno moja hukuliandika. Watu wote waliliandika, wewe peke yako hukuliandika. Nataka kujua kama ulilisahau."

Zamfira hakumtazama. Alimenya biringanya ya moto kwa vidole vitupu, ganda likatoka kwa vipande vyeusi.

"Nililikumbuka la kwanza kabisa," akasema. "Kabla ya kiti. Nilihesabu mia tatu na nne, mia tatu na moja, na lilikuwa limekaa hapa." Akajigonga kifuani kwa kiganja chenye masizi. "Sikutaka kuliandika. Mliniambia niandike ninayoyakumbuka, hamkuniambia mkono si wangu."

"Mimi nimeandika umesahau."

"Acha hivyohivyo. Wamezoea kusikia tumesahau, inawapa usingizi."

"Siwezi kuacha hivyo, si kweli. Ukitaka naweza kuitoa karatasi yako yote, ni haki yako. Hata jina halipo, ni namba tu."

"Namba ngapi?"

Otilia aliona aibu kuitaja. "Kumi na nne."

"Afadhali. Niache humohumo." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Lakini nikuulize na mimi. Ilikuwaje ukaliweka neno hilo? Ulitaka kutupima?"

"Haki ya Mungu sikujua, dada. Nilikaa jikoni nikaandika vitu vya kawaida."

"Vya kawaida." Zamfira sasa alimtazama. "Asubuhi ile ulimpa wewe. Alinisimulia mara ngapi, Otilia wa taa ana utani, Otilia wa taa kaniambia nirudi na taa hata nikiuacha mguu. Ulimpa mkononi. Na kwako ni kitu kama sabuni."

Ni kweli alisema utani ule. Aliusema kwa kila mtu, kila asubuhi, miaka kumi na saba, na ndiyo maana neno lile lilikwisha makali mdomoni mwake. Aligeuza pilipili moja zaidi, akaweka koleo chini, akaaga. Zamfira alimwacha afike getini ndipo akampigia kelele: "Na huyo profesa wako mwambie aje ahesabu kinyumenyume na mimi!"

Jumatano Otilia aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Wanafunzi ishirini wa mwaka wa kwanza walikuwa wamejazana darasani na vikombe vya kahawa, vijana wazuri wa miaka kumi na tisa, wamezaliwa mjini, wamevaa suruali zilizochanwa dukani. Wakati wa ajali walikuwa shule ya msingi. Walicheka walipoambiwa wahesabu kwa kurudi nyuma. Walisikiliza sauti yake ikisema kiti, mkate, dirisha, wakainama wakaandika. Dakika ishirini, kazi ikaisha.

Msichana mmoja mwenye nywele za kijani alimrudishia karatasi, akasema kwa furaha, "Mama, orodha yako rahisi sana. Mi nimepata kumi na moja!"

"Hongera. Na taa uliikumbuka?"

Msichana alifikiri. Alifikiri kweli, uso ukakunjamana.

"Kulikuwa na taa?"

Otilia alizihesabu karatasi kwenye benchi la ukumbini, kwa penseli, akichora vijiti. Maneno ya mwanzo yalikuwa juu. Ya mwisho yalikuwa juu kwa walioandika mara moja, chini kwa waliohesabu. Asali walikuwa wanane. Taa walikuwa watatu. Alihesabu tena kwa kuanzia karatasi ya mwisho, kana kwamba vijiti vingeongezeka kwa kuogopa. Watatu.

Alikuwa amepata alichokitaka. Sauti haikuwa sababu, kwa kuwa sauti ilikuwa ileile. Urefu wa neno haukuwa sababu. Neno lile halikuwa na kitu chochote ndani yake. Kila kilichokuwamo kilitoka kwa watu wa Lupșoara, na nje ya Lupșoara lilikuwa neno la nane katika orodha ya kumi na tano, likazama pale nadharia iliposema litazama. Mwanafunzi mwenye bahati angeruka kwa furaha. Otilia alikaa kwenye benchi lile, mkoba mapajani, akalia kwa hasira, na mfagiaji akapita akamzungushia fagio bila kuuliza kitu, maana ukumbi wa mitihani umezoea.

Alihamisha hasira hiyo nyumbani, akaiweka mezani, akaanza kuandika. Sasa alijua kila sentensi inapaswa kubeba nini. Aliandika kwamba matokeo ya makundi yote mawili yanaunga mkono wazo la ghala mbili: maneno ya mwanzo yalistahimili hesabu, ya mwisho hayakustahimili, kama ilivyotarajiwa. Aliandika kwamba neno la nane katika kundi la kwanza halielezwi na nafasi yake kwenye orodha, na kwamba wazo la ghala mbili, likitazama nafasi na kurudiarudia peke yake, haliwezi kutabiri jambo hilo. Akaleta nadharia nyingine, isemayo kwamba kinachokumbukwa zaidi ni kile akili ilichokichimba kwa maana yake, hasa kikigusa maisha ya mtu mwenyewe. Mkono ulitaka kuandika "kwa hiyo ni ajali". Aliuzuia. Akaandika: "Inawezekana neno hilo lina maana ya pekee kwa washiriki wa kundi la kwanza, wakazi wa mji wa migodi, lakini maana hiyo haikupimwa katika jaribio hili." Kisha mapungufu: makundi yalitofautiana umri, elimu na mahali, si mahali tu, na mtafiti aliyeitunga orodha ni mkazi wa mji huohuo, hivyo hakuliona neno hilo kuwa linachomoza.

Majina kumi na moja aliyakata yote. Aliyakata moja moja, kwa mkono, kwenye nakala ya zamani, ingawa angeweza kutupa karatasi tu. Silvestru alimkata wa mwisho.

Alipofika kwa mshiriki namba kumi na nne alisimama muda mrefu. "Alisahau" ilikuwa uongo. "Alikumbuka, hakutaka" ilikuwa kweli, lakini ilikuwa siri ya mwenyewe, aliyeitoa uani kwenye moshi, wala haikuwa sehemu ya jaribio. Mwisho akaandika: "Mshiriki mmoja hakuliandika neno hilo. Jaribio la aina hii hupima kile ambacho mshiriki ameandika, na kutoandika si ushahidi wa kusahau."

Kisha sentensi ya mwisho, ile aliyokuwa akiikwepa tangu benchi la ukumbini: "Kwa kundi la pili, neno 'taa' lilisahaulika kama maneno mengine ya katikati, kama nadharia inavyotabiri." Akaisoma. Haikuwa na kosa lolote. Hakuna kalamu nyekundu duniani ambayo ingeigusa, na Otilia alitamani ingekuwepo.

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja aliwasilisha. Wiki moja baadaye profesa alimrudishia mkononi, na tisa juu ya kumi.

"Sasa huu ndio mjadala," akasema, akimvutia kiti. "Kumi ningekupa kama makundi yangekuwa na umri mmoja. Na hii hapa, 'kutoandika si ushahidi wa kusahau'. Sentensi bora ya darasa zima. Umeitoa kitabu gani? Hukuweka rejea."

"Nimeitoa kwa jirani yangu. Anachoma pilipili."

Profesa alicheka, akidhani ni mzaha, akampongeza kwa kuvuka mwaka. Otilia alimshukuru. Alimshukuru kweli, kwa sababu kijana yule alikuwa amemfundisha kazi na hakumwonea hata mara moja. Kama angemwonea ingekuwa nafuu, angekuwa na mtu wa kumlaumu.

Aliposhuka kwenye basi Lupșoara, Zamfira alikuwa getini kwake na mtungi wa kioo wa zakuska mkononi, ameufunga mfuniko kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Mtungi ulikuwa ndio radhi.

"Umepita?"

"Nimepita, dada."

"Mimi umeniandikaje?"

"Nimeandika hukuliandika. Basi. Sikuandika umesahau."

Zamfira alitikisa kichwa polepole, akaonekana kuridhika. Alimpa mtungi, ila hakuuachia. Mikono yote minne ikawa juu ya kioo.

"Na wale watoto wa mjini uliowafanyia? Waliikumbuka taa wangapi?"

Wiki zote hizo Otilia alikuwa amechapwa ili asiandike neno bila ushahidi. Karatasi ishirini zilikuwa kwenye mkoba, zikiwa na vijiti vya penseli, na alizihesabu mara mbili. Alimtazama Zamfira machoni.

"Kumi na mmoja," akasema.

"Kati ya?"

"Ishirini."

"Kumi na mmoja," Zamfira akarudia. Midomo yake ilicheza kidogo, kana kwamba anawapa kila mmoja jina. "Watoto wa mjini. Nusu na zaidi. Mimi nilidhani hakuna hata mmoja."

Akauachia mtungi, akamwambia Otilia auweke mahali pa baridi, kisha akaenda zake akijifuta mikono kwenye aproni. Otilia alibaki getini na ripoti ya tisa juu ya kumi kwenye mkoba, akisubiri jirani afike kwake na kufunga mlango, ndipo naye akaingia ndani.